Jibini ya Limau Jikoni: Joto Linalinda Nini, na Hatari Hurudi Wapi

Katika zahanati na vituo vya afya vya Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema, mgonjwa anayegundulika kuwa na ugonjwa wa brusela hupewa ushauri mmoja kabla hajapewa dawa: aache maziwa mabichi. Ushauri huo ni sahihi, lakini mara nyingi huishia hapo. Mgonjwa anarudi nyumbani kwenye ng'ombe wake watano au kwa jirani anayemletea maziwa kwa dumu, naye ana swali ambalo hakulipatia jibu: je, kitu kilichotengenezwa kwa maziwa, nacho kimekatazwa? Siagi je? Mgando je? Na ile jibini nyeupe ambayo familia zenye asili ya Kihindi katikati ya jiji la Mwanza huiita panir, ambayo sasa hupikwa hata katika nyumba za Igoma na Buhongwa kwa kuwa haihitaji chochote zaidi ya maziwa, limau na kitambaa?

Makala hii inahusu jibini hiyo pekee. Ni jibini laini isiyovundikwa, inayotokana na maziwa ya moto yaliyokatwa kwa maji ya limau au siki, kisha ikakandamizwa hadi iwe ngumu kiasi cha kukatika vipande. Inastahili kuelezwa na mtu wa afya kwa sababu utengenezaji wake una hatua moja inayoua karibu vimelea vyote vya maziwa, na baada ya hapo una hatua nne au tano zinazoweza kuvirudisha.

Kwa nini ugonjwa wa brusela ndio mwanzo wa mazungumzo

Brusela ni bakteria anayeishi katika ng'ombe, mbuzi na kondoo, akasababisha mimba kutoka, na akatoka katika maziwa ya mnyama anayeonekana mzima kabisa. Binadamu akiyanywa mabichi hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu wa wiki nyingi. Kwa kuwa dalili hizi zinafanana na za malaria na za homa ya matumbo, wagonjwa wengi hutibiwa kwa hayo mawili kwanza. Daktari Mwingereza David Bruce ndiye aliyemtambua bakteria huyu katika kisiwa cha Malta mwaka 1887. Bruce huyohuyo alifika Entebe mwaka 1903, upande wa pili wa ziwa hili, kuchunguza malale. Lakini njia ya maambukizi ilibaki fumbo kwa karibu miaka ishirini, mpaka Themistocles Zammit wa Malta alipoonyesha mwaka 1905 kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, ambao hawakuwa na dalili yoyote, walibeba ugonjwa huo katika maziwa yao.

Jambo la kukumbuka kutoka katika historia hiyo ni kwamba macho hayatambui maziwa yenye brusela. Hayana harufu, hayabadiliki rangi, wala hayakatiki yakichemshwa. Tena, kuyagandisha kuwa mgando hakutoshi. Uchachu wa mgando wa siku moja au mbili hauwezi kutegemewa kuwaua bakteria hawa wote. Kinachowaua kwa uhakika ni joto. Viwanda vya maziwa hutumia nyuzi joto 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na viwango hivyo vinatosha kwa brusela na pia kwa bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe.

Mfano wa lita tatu

Mfano ufaao ni wa nyumba moja ya Kisesa inayopokea lita tatu za maziwa saa moja asubuhi, kutoka kwa muuzaji wa baiskeli aliyekamua alfajiri. Baba yuko katika wiki ya tatu ya matibabu ya brusela. Mama ana mimba ya miezi mitano. Bibi, mama mzazi wa baba, anameza dawa za shinikizo la damu. Kila mmoja wao ana sababu tofauti ya kutaka kujua jibini hii imetengenezwaje.

Maziwa yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, yamiminwe katika sufuria pana, ikiwezekana ya chuma cha pua. Sufuria ya alumini haiharibu kitu katika dakika chache za kazi hii, lakini asidi huipauka na kuipa jibini ladha ya bati, na haifai kuachiwa maji yenye limau usiku kucha. Moto uwe wa kadiri na maziwa yakorogwe mpaka chini, kwa sababu yakishika chini jibini yote hubeba harufu ya kuungua.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Maziwa hufura na kupanda kabla hayajachemka. Povu linapofika ukingoni, wapishi wengi huondoa sufuria wakidhani kazi imekwisha, ilhali joto la chini ya povu linaweza kuwa bado halijafika kiwango cha mchemko. Inafaa kupunguza moto, kukoroga povu lishuke, na kuendelea mpaka mapovu makubwa yapasuke kutoka chini hata wakati maziwa yanakorogwa. Yaachwe hivyo dakika mbili au tatu. Mwenye kipimajoto asishangae kikisoma nyuzi 96 na kukataa kupanda: uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Tofauti hiyo haipunguzi usalama, kwani 96 ni mbali sana juu ya 72.

Baada ya hapo sufuria iepuliwe na kuachwa kama dakika tano, povu likitulia na joto likishuka kufikia takriban nyuzi 80 hadi 85. Wakati huo limau hukamuliwa na kuchujwa mbegu. Kwa maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji, kila lita huhitaji mililita zipatazo 40 za maji ya limau, yaani vijiko vya mezani visivyozidi vitatu. Kwa lita tatu ni mililita 120, ambazo hupatikana katika malimau matatu au manne ya ukubwa wa kawaida. Siki ya mezani yenye asilimia 5 ya asidi ya siki hutumika kwa kiasi hichohicho. Ndimu pia hufaa. Maji hayo yachanganywe na maji ya moto yaliyochemshwa kwa kiasi sawa, ili asidi isianguke mahali pamoja ikatoa mabonge magumu, kisha yamiminwe kidogokidogo huku maziwa yakikorogwa polepole.

Tahadhari moja kuhusu siki: katika baadhi ya masoko huuzwa asidi ya siki kali, iliyokusudiwa kuzimuliwa, ndani ya chupa isiyo na maandishi. Asidi hiyo huunguza koo na macho. Chupa isiyoonyesha kiwango chake isitumike, na katika kazi hii limau haina mashaka ya namna hiyo.

Theluthi mbili za maji ya limau zinapokuwa zimeingia, maziwa huanza kukatika. Vipande vyeupe hujitenga, na kati yake hutokea maji ya rangi ya kijani na manjano, mepesi kiasi cha kuona kijiko kilichozama. Maji yakifikia hali hiyo, asidi isiongezwe tena hata kama imebaki. Yakiwa bado meupe kama maziwa, kiongezwe kijiko kimoja kimoja. Sufuria ifunikwe na kuachwa dakika kumi.

Kinachotokea ndani ya sufuria

Protini kuu ya maziwa inaitwa kaseini. Imeelea katika maziwa kama vitonge vidogo mno, kila kimoja kikiwa na chaji hasi juu yake, na kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, vitonge havigusani. Ndiyo maana maziwa hubaki kuwa maji meupe yaliyo sawa. Asidi ya limau huondoa chaji hizo. Vitonge hushikana, vikanasa mafuta ya maziwa katikati yake, na bonge linalopatikana ndilo jibini.

Joto nalo lina kazi yake. Katika maziwa mabichi kuna protini nyingine ambazo kwa kawaida huondoka pamoja na maji. Zikipashwa moto kupita nyuzi 80 hufunguka na kujishikiza kwenye kaseini, hivyo zinaingia katika jibini. Kwa sababu hiyo maziwa ya moto hukatika kwa asidi kidogo, hutoa jibini nyingi zaidi, na jibini hiyo haiyeyuki inapokaangwa. Jibini za viwandani zinazogandishwa kwa kimeng'enya hutengenezwa kwa joto linalokaribia la mwili, na zikitokana na maziwa mabichi vimelea hubaki hai ndani yake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mhudumu wa afya anapaswa kulijua na kulisema wazi: kuganda si ushahidi wa kuchemka. Maziwa vuguvugu ya nyuzi 40 yakitiwa limau ya kutosha nayo hukatika. Mtu anayemwambia mgonjwa kwamba jibini ya limau ni salama kwa kuwa imekatwa kwa asidi anamdanganya bila kukusudia, kwa maana limau haikuua chochote cha maana, na kazi yote ilifanywa na moto. Dalili za jibini iliyokatwa bila kuchemshwa vizuri ni vipande laini kama unga, maji yenye ukungu yanayopita kwenye kitambaa na chembe nyeupe, na bonge linalobomoka baada ya kukandamizwa. Dalili hizo huonekana pia pale maziwa yalipotiwa maji mengi, au yalipokuwa ya pakiti yale yanayokaa miezi bila friji. Kwa hiyo kwa jibini ya kununua hakuna njia ya kujua kwa macho, na swali la kumwuliza muuzaji ni kama maziwa yalichemka, na yeye mwenyewe aliyaona.

Kukandamiza, na mahali hatari inaporudi

Kitambaa cha kuchujia kiwe cheupe cha pamba, kilichochemshwa katika maji kwa dakika kumi na kukamuliwa kikiwa bado cha moto. Kitandazwe juu ya chujio, na mchanganyiko umiminwe. Kutoka katika lita tatu, zaidi ya lita mbili zitapita kama maji. Jibini isuuzwe juu ya kitambaa kwa maji yaliyochemshwa ili kupunguza uchachu, hasa kama ilitumika siki. Chumvi, ikitakiwa, huchanganywa sasa.

Kisha pembe za kitambaa zikunjwe kupata umbo la mraba lenye unene wa vidole viwili, liwekwe kati ya sahani mbili bapa au vibao, na juu yake sufuria yenye lita tatu za maji, ambayo ni uzito wa kilo tatu na zaidi. Hili lifanyike jibini ikiwa bado ya moto. Vipande vya moto hushikana vikawa kitu kimoja, lakini vilivyopoa hubaki mbalimbali hata viwekewe jiwe la kusagia. Saa moja hutoa jibini inayokatika kwa kisu, na saa mbili hutoa ile ngumu ya kukaanga. Uzito mkubwa kupita kiasi hukamua mafuta na kuifanya jibini kuwa kavu kama raba, na hali hiyo hutokea pia pale maziwa yaliyokatika yalipoendelea kuchemshwa baada ya kutiwa asidi.

Bonge linalotokea huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Likitoka dogo sana kuliko hapo ilhali maji yalikuwa safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba muuzaji aliyatia maziwa maji. Baadhi ya akina mama hutumia jibini kama mizani ya kumpima muuzaji, na si kipimo kibaya.

Sasa turufu ya joto imekwisha kutumika. Jibini mbichi ina unyevu mwingi, protini nyingi na chumvi kidogo au hakuna, na uchachu wake ni mdogo mno kuzuia bakteria kukua. Yeyote atakayeingia baada ya moto atakuta chakula tayari na hakuna mshindani. Anaweza kuingia kwa mikono, kwa kitambaa kilichoanikwa kwenye uzio, kwa kibao kilichotumika asubuhi kukatia samaki waliotoka Mwaloni, au kwa dumu lilelile lililoleta maziwa mabichi.

Njia inayosahaulika kuliko zote ni maji. Wengi baada ya kukandamiza hulitumbukiza bonge katika maji baridi kwa saa moja au mbili ili likaze na lisipasuke linapokatwa. Ni desturi nzuri ya upishi, lakini jibini ni kama sifongo. Maji ya ziwa, ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yanaingia ndani yake pamoja na kila kilichomo, na katika mwambao ambao kipindupindu na homa ya matumbo si wageni, mtu huwa amechemsha maziwa kwa uangalifu kisha akayarudishia uchafu kwa mkono wake. Maji ya kutumbukizia yawe yaliyochemshwa na kupozwa, na barafu, kama ipo, itokane na maji ya namna hiyo. Asiye nayo aache hatua hii kabisa na kuliweka bonge moja kwa moja katika friji likiwa limefunikwa.

Katika friji yenye nyuzi 4, jibini iliwe ndani ya siku tatu. Pasipo friji, iliwe siku hiyohiyo. Umeme ukikatika usiku kucha, jibini ihesabiwe kuwa ilikaa nje. Ute unaonata juu yake, rangi ya waridi au manjano, na harufu ya chachu ni sababu za kuitupa, lakini kukosekana kwa dalili hizo si cheti cha usalama.

Moto usichoweza kukifuta

Maziwa yanayokatika yenyewe yanapopashwa moto, kabla ya limau, yalikwisha kuchacha. Wapo wanaoona hiyo ni bahati, kwamba limau limeokolewa, na wakaendelea kuchuja. Si sawa. Maziwa yaliyokaa saa nyingi kwenye joto huenda yalikuza bakteria aitwaye stafilokokasi, anayetoka katika vidonda vya chuchu za ng'ombe au mikononi mwa mkamuaji. Bakteria huyu hufa kwa moto, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haifi. Inastahimili kuchemka, inaingia katika jibini, na anayekula hutapika kwa nguvu ndani ya saa moja hadi sita, mara nyingi bila homa. Mhudumu anayepokea watu watatu wa nyumba moja wanaotapika mchana huohuo waliokula jibini anapaswa kuuliza maziwa yalikamuliwa saa ngapi, na yalikaa wapi kabla ya kufika jikoni.

Vilevile moto hauondoi mabaki ya dawa. Ng'ombe anayetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki huzitoa katika maziwa, na kipindi cha kungoja kilichoandikwa kwenye dawa ya mifugo kimewekwa kwa ajili hiyo. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika na maziwa yaliyochemshwa vizuri kabisa.

Nani ale, na kwa namna gani

Baba wa Kisesa anaruhusiwa jibini hii. Maziwa yalichemka, na brusela haimo. Shida yake iko kwenye dawa. Matibabu ya kawaida ya brusela huchukua wiki sita, na dawa ya msingi ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, ikiambatana na rifampisini au sindano za kundi la streptomisini. Kalisi iliyomo katika jibini na maziwa hushikana na doksisaiklini tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia katika damu. Mgonjwa anayemeza kidonge asubuhi pamoja na jibini ya kukaanga, kila siku, anaweza kuwa anapata dawa pungufu kwa wiki zote sita, katika ugonjwa ambao hurudi hata pale dawa zinapomezwa ipasavyo. Ameze kidonge kwa glasi kubwa ya maji, na jibini ingoje angalau saa mbili. Kanuni hiyohiyo inahusu siprofloksasini, na kwa wanaotumia dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, muda uwe saa nne.

Mama mjamzito ndiye anayehitaji maneno mengi zaidi. Bakteria aitwaye listeria hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, huku mama akihisi homa ndogo tu kama ya mafua. Tofauti na bakteria wengi, huendelea kukua hata ndani ya friji. Mwaka 1985 katika eneo la Los Angeles, Marekani, jibini laini ya aina inayopendwa na watu wenye asili ya Meksiko, iliyochanganyika na maziwa ambayo hayakupashwa moto ipasavyo, ilisababisha wagonjwa 142, na 93 kati yao walikuwa wajawazito au watoto wao. Vifo vilikuwa 48: mimba 20, watoto wachanga 10 na watu wazima 18. Ilikuwa jibini ya kiwandani, iliyofungwa vizuri na kuuzwa dukani.

Kwa mama huyu njia ni rahisi, na jibini hii inairuhusu kwa kuwa haiyeyuki: vipande vyake vichemshwe tena ndani ya mchuzi, au vikaangwe mpaka vitoe mvuke katikati, na viliwe vikiwa vya moto. Jibini baridi kutoka friji, au ya kununua ambayo haijulikani chimbuko lake, asiile hivyohivyo. Ushauri huo unafaa pia kwa mtu mwenye kinga dhaifu na kwa mzee sana.

Bibi naye amesikia kwamba jibini ina chumvi na wenye shinikizo la damu wameikatazwa. Ni kweli kwa jibini nyingi za dukani, ambazo chumvi huzihifadhi. Katika jibini ya limau chumvi haina kazi yoyote ya kugandisha. Inaweza kuachwa kabisa, na ladha ikatolewa na kitunguu saumu, pilipili manga au giligilani. Mafuta yake lakini ni mengi: katika nusu kilo ya jibini kutoka maziwa yasiyotolewa malai hubaki zaidi ya gramu mia moja za mafuta, pamoja na gramu zipatazo tisini za protini. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinamtosha. Mwenye ugonjwa wa figo aliyewekewa mipaka ya protini na fosforasi aulize kliniki yake kabla ya kuifanya chakula cha kila siku.

Swali moja hutoka mara kwa mara kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ambao husoma kwenye karatasi ya dawa kwamba anayemeza isoniazidi ajihadhari na jibini. Onyo hilo linahusu jibini zilizovundikwa kwa miezi, ambamo bakteria wamezalisha tiramini, kemikali inayoweza kumletea mgonjwa huyo maumivu makali ya kichwa, mapigo ya moyo ya kasi na uso kuwaka. Jibini mbichi ya siku hiyo haina muda wa kuizalisha kwa kiasi cha kudhuru. Ile iliyokaa wiki friji ikaanza kuchacha ni habari nyingine.

Wale ambao maziwa huwapa gesi na kuharisha mara nyingi huivumilia jibini hii, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari ya maziwa huondoka na maji yaliyochujwa. Maana yake ni kwamba maji hayo, yanayofaa kukandia chapati au kupikia uji, hayawafai wao, na mwenye kisukari ayahesabu kama kinywaji chenye sukari.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama yanabaki peke yake. Baada ya hapo jibini isiyo na chumvi inaweza kupondwa ndani ya uji au viazi vilivyochemshwa, ikipikwa humo kwa moto na kuliwa mara moja. Kinachobaki katika bakuli la mtoto kisirudishwe friji, kwa kuwa kijiko kilichopita mdomoni kimekwisha kukipandia mbegu.